Wasifu wa meneja wa shamba unasema ekari 400: nimeulinganisha na tangazo letu, hesabu hazikai

#1 MamaKitalu
Wakuu, salaam. Shamba letu linatafuta meneja, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchambua wasifu wa waombaji. Tangazo tuliloandika linasema hivi: hekta 60 za umwagiliaji, mahindi na vitunguu, mizunguko 2 kwa mwaka, kusimamia vibarua hadi 80 wakati wa kupandikiza na kuvuna, na mwombaji aonyeshe kumbukumbu za mavuno.

Kuna wasifu mmoja umempendeza mno mkurugenzi. Chini ya kazi moja ya miaka 3 ameandika: "Nimesimamia ekari 400, mizunguko 12 ya mazao, wafanyakazi 150. Mahindi tani 7.8 kwa hekta, vitunguu tani 30 kwa hekta." Ameambatanisha na ukurasa mmoja wa ripoti ya mwaka wake wa mwisho: mahindi yote tani 312, vitunguu vyote tani 420.

Mkurugenzi anataka huyu aitwe peke yake. Mimi nasita, ila nikiulizwa kwa nini sina la kushika. Mliowahi kuajiri au kuajiriwa kwenye kazi hii, mnausomaje?

#2 Debe_Kumi
Huyo muongo, tupa kule. Tani 7.8 za mahindi kwa hekta hakuna. Mimi nimelima miaka 9, sijawahi kuvuka tani 3. Akishadanganya kwenye mavuno, mengine yote ni hewa.

#3 Mzee_wa_Mfereji
Debe Kumi, taratibu. Unalima kwa mvua au kwa maji ya mfereji? Mbegu chotara, mbolea ya kutosha, maji yasiyokatika wakati mbelewele zinachanua, tani 7 hadi 9 zinapatikana bila muujiza. Nimezivuna.

Swali langu ni lingine: tani hizo zilipimwa lini? Mahindi yakitoka shambani yana unyevu wa asilimia 20 na zaidi. Ukiyapima siku hiyo hiyo unapima na maji. Chukua hizo tani 312. Kama zilikuwa na unyevu wa asilimia 22 na ukazirudisha kwenye 13.5 ya ghalani, zidisha kwa 78, gawanya kwa 86.5. Unabaki na tani 281. Kwa hekta inakuwa tani 7 tu. Hajadanganya neno, lakini mwenzake aliyeandika 7 akiwa amepima makavu ataonekana dhaifu kumbe wako sawa.

#4 Mpimaji
Mimi nilipoona ripoti ile nilikimbilia kikokotoo. Dada MamaKitalu, amekupa jibu mwenyewe bila kujua.

Tani zote gawanya kwa tani za hekta moja, unapata hekta. Mahindi 312 kwa 7.8 ni hekta 40. Vitunguu 420 kwa 30 ni hekta 14. Jumla hekta 54, sawa na ekari 133 hivi. Ekari 267 zilizobaki zilikuwa na nini mwaka ule?

Sasa zidisha 133 kwa 3, maana amekaa miaka 3. Unapata 399, yaani 400 ile ile. Nadhani amejumlisha eneo lililolimwa kila mwaka akaliita eneo alilosimamia. Nimeshaona wasifu wa namna hii zaidi ya mara moja. Anayeandika haoni kosa, kwake kila mwaka ni kazi mpya. Anayesoma anaona shamba kubwa mara 3 ya lilivyo.

#5 KijanaWaShamba
Habari zenu. Mimi nina diploma ya kilimo na nimesimamia ekari 3 za nyanya, naomba kujua wasifu wangu naweza kuuleta wapi kwa hiyo nafasi. Niko tayari kuanza hata wiki ijayo.

#6 MamaKitalu
KijanaWaShamba, hapa sikutangaza nafasi mdogo wangu, naomba ushauri wa kuchambua. Lakini kaa usome, itakufaa.

Mpimaji, asante. Nimerudia hesabu mara mbili, ni kweli. Sikufikiria kugawanya.

#7 Afisa_Ajira
Mpimaji amepiga hesabu vizuri lakini amefunga kesi mapema. Shamba la ekari 400 linaweza kuwa na ekari 133 tu zenye mazao ya kuuza. Kuna barabara, bwawa, malisho, ardhi iliyopumzishwa, pengine na majani ya mifugo ambayo hayaingii kwenye ripoti ya mauzo. Meneja anawajibika kwa yote hayo, moto ukiwaka kwenye malisho anaitwa yeye.

Mimi nimeajiri mameneja kwa miaka mingi. Wasifu haudanganyi mara nyingi kama watu wanavyofikiri, unafupisha. Tatizo ni neno "nimesimamia". Mmoja ana maana ya mipaka ya shamba, mwingine ana maana ya pale alipoweka mbegu.

#8 Mpimaji
Nakubali inawezekana. Ila itoke 133 mara 3 sawasawa bila hata ekari 5 za ziada? Sadfa hiyo inanipa shida.

#9 Nyapara_Mstaafu
Mmezungumza ekari na tani. Ngojeni niwaambie kuhusu hao watu 150, maana nimesimama mbele ya vibarua miaka 20.

Vitunguu ndivyo vinavyokula watu. Ukipandika kwa nafasi ya sentimita 10 kwa 15, ukitoa njia na mifereji, hekta inabeba miche kama laki 5. Kwetu kibarua mzuri alipandika miche kama 6,000 kwa siku. Kwa hiyo hekta moja ni mandei 83, yaani kazi ya watu 83 kwa siku moja. Hekta zake 14 ni mandei 1,160 na ushee. Ukiwa na watu 150 unamaliza kwa siku 8, ukiwa na 60 ni siku 20. Miche haisubiri siku 20, inarefuka kitaluni na kulala. Basi 150 inaweza kuwa kweli kabisa, lakini kwa wiki moja na siku kadhaa. Baada ya hapo unabaki na watu 20 wa maji, palizi na dawa.

Kuna namna nyingine ya kufika 150, nayo naichukia. Ni kuhesabu majina yote yaliyowahi kuandikwa kwenye daftari la malipo msimu mzima. Kibarua anakuja siku 3 anaondoka, jina linabaki. Shamba ambalo majina ni 150 na kila asubuhi wanasimama 45 ni shamba ambalo watu wanalikimbia. Huyo meneja anajisifia kidonda.

Kwa hiyo usimuulize alikuwa na watu wangapi. Muulize siku ya pili ya kupandikiza saa moja asubuhi walikuwa wangapi, waligawanywa kwa wanyapara wangapi, na nani alihesabu mistari jioni. Aliyesimamia atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mimi nilishindwa kuangalia zaidi ya watu 25 nikajua kila mstari umepandikwa na nani. Kwa watu 150 unahitaji wanyapara 6 au 7, na majina yao hutayasahau mpaka uzeeni. Wangu nawakumbuka wote.

#10 Debe_Kumi
Mzee wa Mfereji, nalima kwa mvua. Nimekuelewa, narudisha neno langu la muongo.

Nyapara, hilo la majina kwenye daftari limenikumbusha mbali. Kaka yangu alikuwa kibarua, alilipwa kwa kipande. Walikuwa wanaandikisha hata watoto wa shule ili mstari uonekane umefanywa na wengi.

#11 Nyapara_Mstaafu
Kipande kina mambo yake, tukianza hilo hatutamaliza leo. Kwa kifupi, kupandika kwa kipande kunaharakisha lakini miche inaingizwa imekunjwa mizizi. Ukiona bloki ina vitunguu vya shingo nene na vidogo pembezoni, uliza walilipwaje.

#12 MamaKitalu
Naomba turudi kidogo. Mizunguko 12 kwa miaka 3 ni 4 kwa mwaka. Inawezekana?

#13 Mzee_wa_Mfereji
Kwenye ardhi ile ile, kwa mahindi na vitunguu, haiwezekani. Mahindi yanakaa miezi 4 na zaidi kidogo. Vitunguu vinakaa shambani miezi 3 hadi 4 baada ya kupandikwa, kitalu kinaweza kwenda sambamba na zao lililotangulia. Weka na wiki za kulima, kutengeneza matuta na kusafisha mabua. Mwaka unaingiza mizunguko 2. Ukichomeka maharage mafupi unaweza kufika 3, na hapo unahema.

Nadhani kila kundi la kupanda kalihesabu kama mzunguko. Ukipanda vitunguu kwa makundi mawili, bloki hii leo na ile baada ya wiki 4, kwenye karatasi una mizunguko miwili. Siyo vibaya, kupanda kwa makundi ni ufundi wake, maana unapanga miche, maji na soko visigongane. Lakini tangazo lako linaposema mizunguko 2 lina maana ya shamba kugeuka mara mbili. Mnatumia neno moja kwa vitu viwili.

Na angalia tarehe zake. Aliingia mwezi gani, akatoka mwezi gani? Nilipata meneja aliyejaza "misimu 4". Tulipokaa naye ikaonekana aliingia kwenye palizi na aliondoka mahindi yakiwa mabichi. Mizunguko aliyoishika tangu jembe la kwanza mpaka mzani wa mwisho ilikuwa 2. Kuvuna vibaya hakuonekani kwa mtu ambaye hajawahi kuwepo siku ya kuvuna.

#14 Mpimaji
Dada, kuna jambo linahusu tangazo lako pia. Umesema hekta 60 na mizunguko 2. Kwa mtu anayehesabu kama mwombaji wako, hiyo ni hekta 120 za mazao kwa mwaka. Yeye alifikisha 54. Kwa hesabu yake mwenyewe, hata nusu ya kazi yenu hajafika.

Au hekta 60 hazilimwi zote mara mbili?

#15 MamaKitalu
Hazilimwi zote. Kiangazi pampu zinatosha hekta 35 tu. Hatukuandika hilo kwenye tangazo. Kwa hiyo ni 60 msimu wa mvua na 35 kiangazi, jumla 95 kwa mwaka.

#16 Afisa_Ajira
Basi hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kumhukumu mtu yeyote. Tangazo lenye hekta 60 bila kusema maji yanafika wapi linavuta watu wa mashamba makubwa ya mvua na linawakatisha tamaa wale wa mashamba madogo ya maji. Kiangazi chenu cha hekta 35 ndiyo mtihani wa kazi yenu, mvua humbeba hata mvivu.

#17 Mzee_wa_Mfereji
Mvua haimbebi mvivu kwenye vitunguu, Afisa. Ukungu utammaliza. Mengine nakubaliana na wewe.

#18 MamaKitalu
Niongeze la pili, maana mnanifungua macho. Kuna mwombaji ambaye mkurugenzi alimweka chini kabisa. Ameandika hekta 22 za umwagiliaji, mizunguko 5 kamili kwa miaka miwili na nusu, wafanyakazi wa kudumu 18 na vibarua wasiozidi 40 kwa siku. Mahindi ameyaandika mzunguko kwa mzunguko: tani 6.1, kisha 3.4, kisha 6.8, yote kwa unyevu wa 13.5. Pale kwenye 3.4 ameandika: "viwavijeshi vamizi, tulichelewa kukagua bloki 3 na 4 kwa siku 9". Mizunguko 2 ni ya vitunguu, tani 24 na 27, baada ya kukausha na kuchambua.

#19 Debe_Kumi
Huyo aitwe! Mtu anayeandika "tulichelewa siku 9" anajua shamba lake.

#20 Afisa_Ajira
Aitwe, ndiyo, lakini usimpe kazi kwa sababu ya ukweli wake peke yake. Kutoka hekta 22 kwenda 60 kuna mabadiliko ya kazi yenyewe. Kwenye 22 unazunguka kwa miguu asubuhi, unaona kila bloki. Kwenye 60 unaona kupitia macho ya wengine. Ukiwa na wakaguzi wabovu hutachelewa siku 9, utachelewa wiki 3. Nimemwona meneja mzuri sana wa shamba dogo akizama kwenye kubwa kwa sababu alitaka kukagua mwenyewe.

#21 Mpimaji
Kuna kitu kimoja kwenye wastani wa yule wa kwanza. Hizo hekta 40 ni zilizopandwa au zilizovunwa? Tuseme alipanda 46, hekta 6 zikaliwa na maji ya mafuriko. Tani 312 kwa 46 ni 6.8, si 7.8. Wengi wanagawanya kwa kilichovunwa, na bloki iliyokufa inafutika kwenye historia. Yule wa pili kaiacha bloki yake mbaya ndani ya hesabu. Ukiweka 7.8 pembeni ya 3.4 unalinganisha picha ya harusi na picha ya kitambulisho.

#22 KijanaWaShamba
Kumbe! Mimi kwenye nyanya zangu niligawanya kwa eneo lililobaki baada ya mnyauko. Niliandika tani 40 kwa hekta. Nikiweka robo ekari iliyokufa inashuka. Nirekebishe?

#23 Nyapara_Mstaafu
Rekebisha kijana, na andika mnyauko ulianzia upande gani wa shamba. Hilo litakupa kazi kuliko hizo tani.

#24 MamaKitalu
Wakuu, nimerudi. Nimempigia yule wa kwanza, na kwa ruhusa yake nikampigia aliyekuwa mhasibu wa shamba lile.

Mwombaji anasema ekari 400 ni shamba zima kwenye hati, na kwamba sehemu kubwa ilikuwa malisho. Kwa hiyo Afisa ana haki yake. Mhasibu anasema yeye alikuwa analipia dizeli ya hekta "kama 27 hivi", na hizo ndizo zilizokuwa na mabomba. Malisho yalikodishwa kwa mtu mwingine na meneja hakuyagusa.

Mwombaji amenitumia pia picha ya daftari la mzani. Safu ya unyevu imejazwa: 22, 21, 23.

#25 Mpimaji
27 mara 2 ni 54! Msimu wa kwanza mahindi hekta 27. Msimu wa pili mahindi 13 na vitunguu 14. Jumla mahindi 40, vitunguu 14. Vitunguu akivipanda kwa makundi mawili, kama alivyosema Mzee, una makundi 4 ya kupanda kwa mwaka, na kwa miaka 3 ni 12. Hesabu yote inafunga.

Bado ile 400 inaweza kuwa hati au inaweza kuwa 133 mara 3. Zote mbili zinatoa namba ile ile na siwezi kuzitenganisha nikiwa hapa.

#26 Mzee_wa_Mfereji
Na unyevu wa 22 unaturudisha kwenye tani 7 kavu. Mwenzake alifika 6.8. Wa kwanza ameshika hekta 27 za maji, wa pili 22. Mkurugenzi wako alikuwa anaona mlima na kichuguu.

Lakini kujaza safu ya unyevu kila gari ni kazi ya mtu makini. Hilo nimpe heshima yake. Alikuwa na kumbukumbu nzuri akaandika wasifu mbaya.

#27 Afisa_Ajira
Au aliandika wasifu mzuri kwa ajili ya wakurugenzi wanaopenda namba kubwa, na ukafanya kazi yake. Kwangu mimi hilo ni doa. Meneja ndiye atakayekuletea ripoti kila mwezi.

#28 Nyapara_Mstaafu
Hatujamaliza la watu. Kama vitunguu vilipandwa kwa makundi mawili ya hekta 7, ni mandei 580 kila kundi. Watu 150 wangemaliza kwa siku 4. Nani anakusanya watu 150 kwa siku 4? Usafiri, maji ya kunywa, chakula, malipo ya jioni! Mimi ningechukua 60 kwa siku 10. Naogopa 150 ni majina ya daftari. Mhasibu anaweza kukuonyesha karatasi ya malipo ya wiki moja ya kupandikiza?

#29 MamaKitalu
Nimeomba, amesema karatasi zilibaki kwa mwajiri na yeye ameshaondoka. Kwa hiyo nitawaita wote wawili shambani kwetu, siku tofauti. Kila mmoja nitampeleka bloki 7, ambayo kiangazi kilichopita ilitoa tani 19 za vitunguu kwa hekta wakati jirani yake ilitoa 28. Nitampa daftari la maji, la dawa na la vibarua, nimwachie saa mbili.

Tangazo nalirekebisha leo: hekta 60 za mvua, 35 za kiangazi, mavuno kwa eneo lililopandwa na unyevu utajwe. Nyapara, kama una maswali mengine ya kuwauliza kuhusu vibarua, niandikie kabla ya Alhamisi.

#30 Nyapara_Mstaafu
Bloki 7 walilipwa kwa siku au kwa kipande? Nijibu hilo kwanza.

#31 MamaKitalu
Kwa kipande. Bloki 8 kwa siku.